Majibu ya grafu ya kasi na muda: 161 au 213? Tusaidiane kukagua

#1 Mpiga_Rula

Habari wakuu. Mdogo wangu amefanya swali la grafu ya kasi na muda, jibu la mwisho limekataa. Kitabu kinasema mita 213, yeye kapata 161. Nimepitia kazi yake na naona kanuni zote mbili kazitumia: mteremko wa mstari kwa mchapuko, eneo chini ya mstari kwa umbali. Kwa hiyo nadai kitabu ndicho kimekosea. Anayeona vingine anioneshe.

Ni kigari kwenye reli iliyonyooka. Grafu ni mistari minyoofu inayounganisha nukta hizi:

```
t (s)      0    5    12    22    26
v (m/s)    4    14   14    -6    0
```

Majibu yake:

Mchapuko wa sekunde 5 za kwanza: 2.8 m/s².
Umbali hadi sekunde 12: mita 133.
Mchapuko kati ya sekunde 12 na 22: -2 m/s². Kaandika "kigari kinapunguza mwendo kwa sekunde 10 mfululizo".
Wakati kigari kilipokuwa mbali kabisa na kilipoanzia: sekunde 12.
Jumla ya mita kilizotembea: 161.

#2 Tufe_la_Chuma

Kitabu kiko sahihi mkuu. Anza na jibu la kwanza kabisa. Pale mwanzo mstari haujaanzia kwenye sifuri, umeanzia kwenye 4. Kasi imepanda kutoka 4 hadi 14, yaani imeongezeka 10 kwa sekunde 5. Mchapuko ni 2. Yeye kagawa 14 kwa 5.

#3 Ndege_Tausi

Mimi naona tatizo kubwa zaidi. Kati ya sekunde 5 na 12 mstari umelala, maana yake kigari kimesimama. Sasa mita zinazohesabiwa hapo zinatoka wapi? Halafu kutoka 12 mstari unashuka, yaani kinaanza kurudi. Hilo jibu la sekunde 12 kuwa ndio mbali kabisa naliunga mkono.

#4 Tufe_la_Chuma

@Ndege_Tausi hapo umeisoma kama grafu ya umbali na muda. Angalia mhimili wa wima umeandikwa nini. Mstari uliolala kwenye 14 unasema kila sekunde inayopita kigari kinasonga mita 14, kwa sekunde 7 ni mita 98. Kingekuwa kimesimama, mstari ungelala juu ya mhimili wa muda wenyewe, kwenye sifuri.

#5 Ndege_Tausi

Sawa, mhimili nimeuona. Lakini kushuka je? Kitu kinachoshuka kwenye grafu si kinarudi?

#6 Mama_Pembetatu

Ndege_Tausi, ngoja nikupe kwa mita. Chukua sekunde moja tu, kutoka 12 hadi 13. Kasi inatoka 14 inakwenda 12. Zote mbili ziko juu ya sifuri, kwa hiyo kigari bado kinaelekea mbele, na kwa sekunde hiyo kimesogea mita 13. Sekunde inayofuata kinasogea mita 11. Halafu 9, 7, 5, 3, 1. Jumlisha: 13+11+9+7+5+3+1 ni 49. Hizo ni mita 49 za mbele wakati mstari unashuka muda wote. Kinafika mbali kabisa pale mstari unapokata mhimili wa muda, kwenye sekunde 19. Kuanzia hapo kasi ni hasi, ndipo kinarudi.

Kwa hiyo jibu la nne la kijana ni kosa. Kilele cha grafu ni mahali kigari kina kasi kubwa kuliko kote. Cha umbali hakikuambii chochote mpaka ukusanye eneo.

#7 Ndege_Tausi

Hizo namba za mama zimenifungua. Asante.

#8 Kipima_Nyuzi

Mimi nimetafuta ile tofauti imetoka wapi. 213 kutoa 161 ni 52. Sasa ukichukua kasi ya mwanzo 4 na ya mwisho 0, wastani ni 2, zidisha kwa sekunde 26 unapata 52 hasa! Kwa hiyo kijana alisahau kujumlisha umbali wa wastani. Mtoa mada, kesi imeisha.

#9 Tufe_la_Chuma

Kipima_Nyuzi, hiyo ni bahati ya namba tu. Wastani wa kasi ya mwanzo na ya mwisho unatoa umbali pale ambapo mstari ni mmoja, umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Safari hii ina mistari minne. Kigari kimefika kasi ya 14 na kikashuka hadi hasi 6, na wastani wako haujaona hata kimoja kati ya hivyo.

52 inavunjika hivi: mita 10 zimepotea mwanzoni, na mita 42 zimepotea mwishoni. Zile 10 ni za sekunde 5 za kwanza. Eneo sahihi ni trapeza yenye pande 4 na 14 na upana 5, yaani 18 gawa kwa 2 mara 5, ni 45. Yeye kachora pembetatu ya urefu 14, kapata 35. Zile 42 nawaachia wengine.

#10 Kipima_Nyuzi

Lakini wastani unafanya kazi kwenye kila kipande. 4 na 14 wastani 9, mara 5 ni 45. Namba yako ileile.

#11 Tufe_la_Chuma

Kwa kila kipande kilichonyooka, ndiyo kabisa. Hapo tuko pamoja.

#12 Mama_Pembetatu

Na ni hoja ya zamani sana hiyo ya Kipima_Nyuzi. Nicole Oresme, Mfaransa wa karne ya 14, alichora maumbo ya namna hii kuonesha kwamba kitu kinachoongeza kasi kwa kiwango kilekile kinatembea sawa na kitu kinachokwenda kwa kasi ya katikati muda wote. Pembetatu ile na mstatili ule vina eneo sawa. Watu wa Chuo cha Merton kule Oxford walikuwa wameshaitaja kanuni hiyo kabla yake. Sharti walilolishika ni hilohilo: kiwango cha kuongeza kasi kisibadilike katikati.

#13 Mpiga_Rula

Nawafuata. Hizo 42 nazo?

#14 Rubani_Kijani

Zimetokana na alama ya kutoa. Mstari ukiwa chini ya mhimili wa muda, eneo linaingia kama hasi ukitaka kujua kigari kiko wapi. Kutoka 19 hadi 22 ni pembetatu ya mita 9, kutoka 22 hadi 26 ni pembetatu ya mita 12. Jumla mita 21 za kurudi nyuma. Kijana kachukua 133, kajumlisha 49, katoa 21, akapata 161. Swali lilitaka jumla ya mita zilizotembewa, na reli ilikanyagwa mita hizo 21 hata kama ni za kurudi. Alipotoa 21 badala ya kujumlisha, kapoteza 42.

Namba sahihi: mbele 45+98+49 = 192, nyuma 21. Kimetembea mita 213. Na mwisho wa safari kiko mita 171 mbele ya kilipoanzia. Hayo ni majibu mawili ya maswali mawili, grafu ni moja.

#15 Mwanga_wa_Saa_Tisa

Mimi ningempa kijana alama nyingi kwenye hilo la mwisho. Kujua kwamba eneo la chini ni hasi ni uelewa mzuri. Wengi wanajumlisha kila kitu bila hata kuona kwamba mstari umevuka mhimili, wanapata jibu sahihi bila kujua kwa nini.

#16 Rubani_Kijani

Mwanga, aliulizwa kitu akajibu kingine. Kama mtu anataka kujua gurudumu limezunguka mara ngapi ili ajue limechakaa kiasi gani, ukimpa umbali kutoka mwanzo umempotosha.

#17 Mwanga_wa_Saa_Tisa

Umempotosha kwa jumla, sikatai. Nasema kwenye kusahihisha tazama njia. Kaandika 133 + 49 - 21. Kila namba isipokuwa 133 ni sahihi, na ile alama ya kutoa ina sababu. Anayesahihisha kwa kutazama 161 na kuweka mkasi haoni lolote la hayo.

#18 Usukani_Mwepesi

Salaam. Nina kesi yangu ya kazini inayofanana na hii. Gari ninaloendesha lina kifaa kinachochora spidi dhidi ya muda. Juzi nilitazama kipande kimoja, nimekwenda 48 bila kubadilika kwa dakika 10. Nikazidisha, eneo likaja 480. Kilomita 480 kwa dakika 10 hapana. Je, kifaa kinadanganya au eneo halifanyi kazi kwenye grafu za kweli?

#19 Mama_Pembetatu

Eneo linafanya kazi. Kinachogombana ni vipimo. Mhimili wako wa wima ni kilomita kwa saa, wa mlalo ni dakika. Ukizidisha hivyo unapata kilomita-dakika kwa saa, na kitu hicho si umbali bado. Geuza dakika 10 kuwa saa, ni moja ya sita. 48 gawa kwa 6 ni kilomita 8. Linaingia akilini?

#20 Usukani_Mwepesi

Kilomita 8 ndiyo hasa, hicho kipande nakijua. Na kuongeza mwendo je? Kuna mahali nimetoka 0 hadi 48 kwa sekunde 8.

#21 Mama_Pembetatu

Mteremko ni 6, lakini 6 ya nini? Kilomita 6 kwa saa kwa kila sekunde. Hilo ni jibu halali kabisa, dereva analielewa vizuri: kila sekunde mshale unapanda 6. Ukitaka kwa mita, gawa 48 kwa 3.6 upate kama 13.3, kisha gawa kwa 8. Ni kama mita 1.67 kwa sekunde kwa sekunde.

Tabia ninayoipenda kwenye kukagua ni hii ya kuandika vipimo vya mihimili kabla ya namba. Mteremko ni wima kugawa kwa mlalo, eneo ni wima mara mlalo. Vipimo vikitoka vya ajabu, jibu limeshakataa kabla hujabofya kikokotoo.

#22 Rubani_Kijani

Usukani_Mwepesi, kingine kwenye kifaa chako: ukipiga rivasi hakikuchorei chini ya mhimili. Kinatunza spidi tupu, haina mbele wala nyuma. Kwa hiyo eneo lake siku zote ni jumla ya njia uliyopita, na halitakuambia kamwe kama umerudi ulipotoka. Kigari cha mtoa mada kina alama ya hasi, ndiyo maana maswali yote mawili yanajibika.

#23 Usukani_Mwepesi

Kweli, rivasi inaonekana juu kama mbele tu. Shukrani nyote.

#24 Mpiga_Rula

Nimebadili msimamo kuhusu kitabu. Ila jibu la tatu mbona hamjaligusa? -2 ni sahihi, si ndiyo? Kutoka 14 hadi -6 ni -20, gawa kwa 10.

#25 Tufe_la_Chuma

Namba ni sahihi. Sentensi iliyofuata ndiyo kosa, na kwangu ndilo kosa zito kuliko yote kwenye karatasi hiyo kwa sababu namba imelificha. "Kinapunguza mwendo kwa sekunde 10 mfululizo." Soma kasi zenyewe. Sekunde 12 ni 14, sekunde 17 ni 4, sekunde 19 ni 0. Sekunde 20 ni -2, sekunde 21 ni -4, sekunde 22 ni -6. Baada ya 19 kigari kinarudi nyuma kwa kasi inayozidi kukua. Kinaongeza mwendo! Mteremko bado ni uleule -2.

#26 Sauti_ya_Pili

Sasa hapo mnanichanganya. Mchapuko hasi ni kupunguza mwendo, ndivyo tulivyofundishwa wote. Na kwenye sekunde 19 kigari kimesimama, kwa hiyo mchapuko ni sifuri pale. Haiwezekani uwe -2 wakati kitu hakisogei.

#27 Mama_Pembetatu

Sauti, weka rula juu ya mstari kutoka 12 hadi 22. Ni mstari mmoja usio na kona. Mteremko hauwezi kuwa -2 pande zote mbili halafu uwe sifuri kwenye nukta moja katikati. Kama mchapuko ungekuwa sifuri pale kwenye 19 na ukabaki sifuri, kigari kingebaki kimesimama. Kimeanza kurudi kwa sababu kuna kitu bado kinakivuta.

Tupa jiwe juu wima. Pale juu kabisa kasi ni sifuri, lakini uvutano haujapumzika, bado ni karibu 9.8 kuelekea chini. Ungepumzika, jiwe lingebaki hewani.

#28 Sauti_ya_Pili

Mfano wa jiwe naukubali. Basi ile ya "hasi ni kupunguza" inatumika lini?

#29 Tufe_la_Chuma

Inatumika pale kasi yenyewe ni chanya. Mteremko na kasi vikiwa na alama moja, mwendo unakua. Vikitofautiana, mwendo unapungua. Angalia kipande cha mwisho, 22 hadi 26: mteremko ni +1.5, mstari unapanda, na kigari kinapunguza mwendo mpaka kisimame. Anayekariri "chanya ni kuongeza" ataandika kinyume hapo pia.

Njia ya macho: tazama kama mstari unausogelea mhimili wa muda au unaukimbia. Ukiusogelea, iwe kutoka juu au kutoka chini, mwendo unapungua.

#30 Sauti_ya_Pili

Hii ya kuusogelea mhimili sijawahi kuisikia na inafanya kazi pande zote. Nimeijaribu kwenye vipande vyote vinne.

#31 Mwanga_wa_Saa_Tisa

Swali la pembeni. Kama swali lingesema "tafuta upungufu wa mwendo kati ya 12 na 19", mtu aandike 2 au -2? Mimi nasema 2, kwa sababu neno upungufu limeshabeba hasi.

#32 Rubani_Kijani

Mimi nasema -2 na aeleze. Grafu imetoa -2, kwa nini uifute alama?

#33 Mwanga_wa_Saa_Tisa

Kwa sababu ukisema mwendo umepungua kwa hasi 2 umesema umeongezeka.

#34 Rubani_Kijani

Wasahihishaji wengi wanakubali zote. Sioni sababu ya kumnyima mtu alama.

#35 Mwanga_wa_Saa_Tisa

Kukubaliwa na kuwa sawa ni vitu viwili. Nabaki na 2.

#36 Kipima_Nyuzi

Nimerudi na njia ya kukagua bila kurudia kazi nzima. Kwenye kila kipande kilichonyooka, kasi za mwisho na mwanzo, mchapuko na umbali vinafungwa na v² = u² + 2as. Umetafuta mchapuko kwa mteremko, umetafuta umbali kwa eneo, sasa viweke humo vikutane. Kipande cha kushuka hadi 19: u ni 14, v ni 0, a ni -2, s ni 49.

```
14² + 2 × (-2) × 49 = 196 - 196 = 0
```

Imekubali. Kutoka 19 hadi 22 kasi inaanzia 0, a ni -2 na s ni -9, inatoka 36, ambayo ni mraba wa 6. Imekubali pia. Kwa hiyo mkaguzi hahitaji kitabu cha majibu.

#37 Tufe_la_Chuma

Hapo umetoa kitu kizuri Kipima_Nyuzi, hii si ya bahati. Lakini ijaribu kwenye kipande cha kwanza cha kijana, kwa majibu yake mwenyewe, kisha utuambie.

#38 Kipima_Nyuzi

Nimejaribu. Mchapuko wake 2.8, umbali wake wa kipande cha kwanza 35, mwanzo 0:

```
0² + 2 × 2.8 × 35 = 196 = 14²
```

Imekubali?! Majibu yote mawili ni makosa na ukaguzi umepita.

#39 Mama_Pembetatu

Ndiyo, na hapa ndipo penye utamu. Majibu yake mawili yanapatana kwa sababu yamezaliwa na kosa moja. Kaisoma safari kana kwamba imeanzia sifuri, kisha mteremko na eneo vyote vikachukuliwa kwenye mstari huohuo usiokuwepo. Ukaguzi wako unapima kama mteremko na eneo vinaelewana. Haupimi kama vimechukuliwa kwenye grafu iliyo mezani.

Rudi kwenye grafu uchukue u halisi, yaani 4:

```
4² + 2 × 2.8 × 35 = 16 + 196 = 212
```

Ilitakiwa 196. Sasa imekataa. Na kwa majibu sahihi, 16 + 2 × 2 × 45 ni 16 + 180, ni 196. Kwa hiyo u na v zisitoke kwenye kazi ya mwanafunzi. Zisomwe upya, kidole kwenye grafu.

#40 Kipima_Nyuzi

Nimeelewa. Naongeza: mtu asiitumie kuruka kona. Kutoka 0 hadi 12 moja kwa moja haifai, a imebadilika njiani kutoka 2 kwenda 0.

#41 Mpiga_Rula

Sasa nataka kujua alikosea nini hasa ili nimsaidie. Alisahau kutoa 4, au hakuiona 4 kabisa?

#42 Tufe_la_Chuma

Naona hakuiona. Angeiona na kusahau tu kuitoa kwenye mteremko, eneo lingetoka sahihi, kwa sababu kwenye eneo 4 inaonekana kama ukuta wa kushoto wa umbo. Kukosea kote kuwili kunaonesha alisoma mwanzo kama sifuri.

#43 Sauti_ya_Pili

Mimi nafikiri alikariri kwamba mchapuko ni kasi gawa kwa muda, na kwamba kipande cha kwanza siku zote ni pembetatu. Mifano mingi ya madarasani inaanzia sifuri. Macho yaliiona 4, mkono ukaandika ulichozoea.

#44 Rubani_Kijani

Kuna la tatu. Mpiga_Rula, hebu angalia mhimili wa wima ulivyochorwa. Kama unaanzia 4 pale kwenye kona ya chini badala ya sifuri, mwanafunzi anayetazama umbo bila namba ataona pembetatu. Kuna grafu zinakata chini ya mhimili ili kuokoa nafasi, na hapo eneo unaloliona kwa macho limepungukiwa mstatili mzima.

#45 Mpiga_Rula

Mhimili unaanzia -8 chini na sifuri iko katikati, haujakatwa. Lakini 4 haijaandikwa. Gridi ina namba kila baada ya 10 na viboksi vitano kati yake, kwa hiyo 4 ni kiboksi cha pili. Nilipomuuliza kasema "niliona imeanzia karibu na chini".

#46 Tufe_la_Chuma

Basi kiboksi kimoja ni 2. Muulize kiboksi kimoja ni ngapi kabla hujamuuliza chochote kuhusu mchapuko.

#47 Sauti_ya_Pili

"Karibu na chini" haikatai nadharia yangu. Mtu anayejua kwamba mwanzo una maana angehesabu viboksi.

#48 Ndege_Tausi

Viboksi vinanipa swali. Kama mstari umepinda, rula inawekwa wapi na eneo linapatikanaje?

#49 Mama_Pembetatu

Kwa mteremko, unachora mstari unaougusa mkunjo kwenye nukta unayoitaka, kisha unauvuta uwe mrefu ili pembetatu yako iwe kubwa. Pembetatu ndogo inaficha kosa la kusoma. Ukikosea nusu kiboksi kwenye kimo cha viboksi viwili, jibu limeharibika kwa robo. Kwenye kimo cha viboksi kumi ni asilimia 5.

Kwa eneo, kata mkunjo kuwa vipande vyembamba ukavifanye trapeza, au hesabu viboksi. Kwenye gridi ya Mpiga_Rula, kama upana wa kiboksi ni sekunde 1, kila kiboksi ni mita 2. Na ujue jibu lako linaegemea wapi. Kitu kinachoanguka hewani kasi yake inapanda haraka mwanzoni kisha inatulia, mkunjo wake umevimba kwenda juu. Trapeza zote zitapita chini ya mkunjo, kwa hiyo jumla itakuwa pungufu kidogo ya umbali wa kweli.

#50 Ndege_Tausi

Kwa hiyo naweza kusema "si chini ya mita fulani" kwa uhakika. Nimeipenda hiyo.

#51 Mwanga_wa_Saa_Tisa

Nina moja la mwisho linanisumbua tangu jana. Kwenye sekunde 12 kamili mchapuko ni ngapi? Kabla ni 0, baada ni -2.

#52 Rubani_Kijani

-2. Nguvu imeshaanza kukivuta.

#53 Tufe_la_Chuma

Hakuna jibu pale. Mteremko upande wa kushoto ni mmoja, wa kulia ni mwingine, kona haina mteremko. Swali linaloulizia 12 kamili limetungwa vibaya.

#54 Usukani_Mwepesi

Kwa uzoefu wa usukani, kona kali hivyo haipo. Ukikanyaga breki inachukua muda kushika, mstari unapinda polepole. Kwa hiyo kwenye gari la kweli mchapuko wa pale ungekuwa mahali fulani kati ya 0 na -2.

#55 Rubani_Kijani

Lakini grafu haijachora gari la kweli. Imechora kona. Lazima uchague upande.

#56 Tufe_la_Chuma

Kwa nini lazima? Ukichagua -2, mwenzako anachagua 0 kwa sababu zilezile, na hakuna kipimo kwenye grafu cha kuwatenganisha. Eneo halijali hiyo nukta, upana wake ni sifuri. Mita 213 inabaki 213 kwa kila mnachochagua.

#57 Mwanga_wa_Saa_Tisa

Kwenye eneo sawa. Kwenye nguvu inayokivuta kigari bado nataka jibu, kwa sababu nguvu haiwezi kukosa thamani hata kwa nukta moja.

#58 Rubani_Kijani

Hilo ndilo ninalosema tangu mwanzo.

#59 Mpiga_Rula

Endeleeni, nasoma. Kijana kahesabu upya akiwa na viboksi: 2, 143, -2, sekunde 19, 213. Chini ya la tatu kaandika "kinapunguza hadi 19, kisha kinaongeza kikirudi nyuma". Ananiuliza kama kwenye 22, pale mteremko unapobadilika kutoka -2 kuwa +1.5, ni kesi ileile ya kona mnayobishania.

#60 Tufe_la_Chuma

Ni ileile, na pia kwenye 5. Mwambie hapo kwenye 22 atazame kitu kimoja zaidi: kasi haijaruka. Ni -6 kwa upande wa kushoto na -6 kwa upande wa kulia. Kinachoruka ni mteremko peke yake.